Pongezi moja, njia nne

Kabla ya kuandika pongezi, tafuta jambo moja ulilolishuhudia mwenyewe, kisha libebe kokote pongezi iendako. Tuseme mwenzako kazini amefaulu mtihani wa uhasibu aliousomea usiku kwa miaka 2. Kule kukesha ndiko kunakoipa pongezi joto; "Hongera kwa mafanikio yako" tu inamfaa yeyote.

Kwenye baruapepe, anza na jambo hilo: "Sisi tulipokuwa tukifunga ofisi, wewe ulikuwa ukifungua vitabu. Hongera sana." Ukimalizia na "halafu naomba ile ripoti", umeizima pongezi yote. Ripoti iombe kwa barua nyingine.

Ujumbe wa simu uwe mfupi, na utume siku ileile: "Umefaulu! Kule kukesha kote kumelipa!"

Kadi itasomwa tena baada ya miaka, kwa hiyo ondoa "jana" na "leo", uandike tarehe. Maneno yakiwa yamechapwa, ongeza mstari mmoja kwa mkono wako.

Ukitangaza mbele ya watu, taja kukesha kwanza na jina mwisho, maana jina ndilo linaloita makofi. Ila muulize mapema kama anaridhia hayo yatajwe hadharani. Wengine walisoma kimyakimya kwa sababu zao.