Somo: Riba ya amana ya muda maalumu, kuanzia mwisho wa mwezi hadi siku ya kuiva

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika vitabu ni hili: riba imeingizwa kila mwezi, kisha amana ikiiva, fedha iliyoingia benki inaandikwa tena kuwa mapato. Riba moja imehesabiwa mara mbili. Tufuate amana moja tangu mwanzo.

Umeweka 7,300,000 tarehe 16 Mei kwa siku 90, riba asilimia 10 kwa mwaka wa siku 365. Kodi ya zuio tuseme ni asilimia 15.

Hatua ya 1. Tafuta riba ya siku moja: 7,300,000 × 10% ÷ 365 = 2,000. Siku ya kuweka inahesabiwa, siku ya kuiva haihesabiwi. Ukizihesabu zote mbili utapata siku 91, na hesabu yako haitalingana na ya benki.

Hatua ya 2. Kila mwisho wa mwezi, debiti Riba Inayodaiwa, krediti Mapato ya Riba. Mei ina siku 16, yaani 32,000, Juni 60,000, Julai 62,000. Andika riba kamili, kabla ya kodi. Kama mwaka wako wa hesabu unafungwa 30 Juni, 92,000 ni mapato ya mwaka huo ingawa hujapokea hata senti.

Hatua ya 3. Amana inaiva 14 Agosti. Kwanza ingiza riba ya siku 13 za Agosti, 26,000. Sasa Riba Inayodaiwa inasoma 180,000. Benki inakata kodi 27,000 na kukulipa kilichobaki pamoja na mtaji:

```
Debiti   Benki               7,453,000
Debiti   Kodi ya Zuio           27,000
Krediti  Amana               7,300,000
Krediti  Riba Inayodaiwa       180,000
```

Riba Inayodaiwa lazima ibaki sifuri. Ukiikuta na 27,000, ujue umeingiza fedha ya benki ukasahau kodi.

Swali: Mwalimu, hiyo 27,000 ni gharama?

Jibu: Inategemea sheria inayokuhusu. Ikiwa inapunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka, ni mali. Itunze pamoja na cheti cha zuio, maana bila cheti ni vigumu kuidai. Ikiwa ni kodi ya mwisho, ipeleke kwenye gharama ya kodi.

Swali: Sisi tulivunja amana kabla haijaiva, na tulishaingiza riba ya miezi miwili. Tufanyeje?

Jibu: Tuseme mlivunja 10 Julai na benki ikashusha riba hadi asilimia 4, yaani 800 kwa siku. Siku 55 zinatoa 44,000, nanyi mlishaandika 92,000. Debiti Mapato ya Riba 48,000, krediti Riba Inayodaiwa. Zuio litakuwa 6,600, kwa kuwa linakatwa kwenye riba iliyolipwa kweli.