SOMO: Kutumiana wateja kati ya wakili, mhasibu na daktari bila kumwaga siri

Wiki hii nimeulizwa swali hili mara nne, basi naliandika mara moja. Mimi ni wakili hapa Arua, Uganda, mji ambao ukisema tu "mama mmoja mwenye duka la mbolea", watu wanne wameshalijua jina.

1. Tafuta wenzako wachache unaowaamini: mhasibu, daktari, labda mpima ardhi.

2. Pesa isitembee kati yenu. Sheria ya Mawakili inatukataza kugawana ada na asiye wakili, na kutumia watu kutuvutia wateja ni kosa la nidhamu. Ukipewa mteja, shukrani yako ni kumtuma wako siku nyingine, si bahasha.

3. Mpe mteja majina ya wataalamu wawili au watatu. Usimpe mtaalamu jina la mteja. Mwenye shida atapiga simu mwenyewe, au hatapiga.

4. Nyaraka akabidhiwe mteja. Ikibidi zitumwe moja kwa moja, aandike ridhaa: nini kinatumwa, kwa nani, kwa kazi gani, mpaka lini. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka afya na fedha za mtu kwenye kundi linalolindwa zaidi. Chukua fundi aliyevunjika mkono kazini. Daktari kampa jina langu, nami namdai mwajiri fidia. Ninachohitaji ni tarehe ya jeraha, matibabu yake, na kiasi cha ulemavu uliobaki. Faili zima lina pia kipimo cha VVU cha miaka iliyopita, ambacho hakina uhusiano wowote na mkono. Kwa hiyo ridhaa iseme "ripoti ya jeraha la mkono wa kushoto", isiseme "taarifa zangu za matibabu".

5. Habari ya kurudi. Hapa ndipo nilipoanguka. Mhasibu mmoja alimpa mjane namba yangu. Wiki iliyofuata tukakutana kwenye chai, nikamwambia, "Asante, yule mama alifika, tumeanza mambo ya mirathi." Niliona ni adabu tu. Kumbe mhasibu huyo alitunza pia vitabu vya shemeji wa mjane, na kabla hatujafungua shauri ng'ombe walikuwa wameshahamishwa. Mama aliniuliza kitu kimoja: nani kamwambia?

Mhasibu alijua mama ana shida. Hakujua kwamba ameamua kwenda kwa wakili, wala kwamba ni kwa ajili ya mirathi. Hizo siri mbili nilizitoa mimi, bila kuombwa. Kufika kwa mteja ofisini kwako ni siri hata kabla hajasema neno. Siku hizi namuuliza: "Naweza kumwambia aliyekupa namba yangu kwamba umefika?" Akikubali, nasema "amefika" na naishia hapo. Akikataa, nanyamaza, hata mwenzangu anione sina shukrani.

Kujua kama mnatumiana sawasawa, kila mmoja ahesabu aliowatuma, mlinganishe idadi kila nusu mwaka. Msilinganishe kila mwezi: mwezi wenye mteja mmoja, idadi hiyo ni sawa na jina.

MASWALI

— Mkuu, tukiwa na kundi la WhatsApp tukaeleza kesi bila kutaja jina, kuna shida gani?

Rudia aya ya kwanza.

— Yaani anayetufundisha ndiye aliyemwaga siri?

Ndiye. Unadhani hatua ya 5 ni ndefu kwa nini?

— Mimi ni daktari wa akili, Kampala. Wakili akimuuliza mgonjwa wangu "nani kakutuma?", akinitaja mimi si ameshafichuka?

Daktari, umegusa kitu ambacho wengi hawakioni. Kwenye fomu yangu ya mteja mpya nimefuta swali la "umetufahamu vipi". Wewe nawe andika majina kwenye karatasi tupu, isiyo na nembo ya kliniki, na mwambie mgonjwa halazimiki kukutaja. Akitaka wakili aijue hali yake, aieleze mwenyewe, kwa kiasi anachotaka.

— Niliyemtuma kwa wakili karudi analalamika kwamba amekataliwa bila sababu. Mimi ni mhasibu, nimeona kama dharau.

Si dharau, ndugu. Huenda wakili tayari anamwakilisha mtu wa upande wa pili, na akitaja sababu atakuwa amemfichua huyo. Ndiyo maana hatua ya 3 inasema majina mawili au matatu. Usimpigie kumhoji, utamlazimisha adanganye au aseme.

— Wakili, na wapokezi je? Wangu alipigiwa na "daktari" akiuliza kama mgonjwa wake ameshafika, akajibu "ndiyo, jana".

Wangu ana jibu moja kwa kila anayepiga, hata awe mke wangu: "Hatusemi nani amefika. Acha namba yako." Nilimfanyisha mazoezi kwa kumpigia mwenyewe nikibadilisha sauti. Mara ya kwanza alinitajia watatu.