Somo: Video ya harusi ya GB 10, flashi mbili za GB 8

Umemaliza kuhariri video hapa Moshi, mwenye harusi yuko Arusha, bando haitoshi kuirusha, na flashi zitapanda basi la mchana. Ukinakili, Windows inalalamika kuwa faili ni kubwa mno, na flashi ni tupu kabisa! Kinachogoma ni fomati ya FAT32, ambayo haibebi faili moja linalofika GB 4. Kubadili fomati iwe exFAT kungeondoa kizuizi hicho, lakini GB 10 bado hazienei kwenye GB 8. Tukate tu.

Kwanza fungua Command Prompt ndani ya folda ya video, chukua alama ya faili zima, uitunze:

```
certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256
```

Fungua 7-Zip File Manager, bofya faili, nenda File > Split file, kisha chagua `4092M - FAT`. Usihangaike kulibana, maana mp4 imeshabanwa tayari. Utapata vipande vitatu: .001 na .002 vya MB 4092 kila kimoja, na .003 chenye kama MB 2056.

Kwenye kupanga ndipo watu hukwama. Flashi ya GB 8 Windows huisoma kama GB 7.4 hivi, kwa hiyo vipande viwili vikubwa havikai pamoja. Weka .001 na .003 kwenye flashi moja, .002 kwenye nyingine.

Anayepokea avihamishie vyote kwenye folda moja ya kompyuta, asibadilishe majina, na awe na nafasi ya GB 20, kwa sababu vipande na faili jipya vitakaa pamoja kwa muda. Hahitaji 7-Zip. Afungue Command Prompt ndani ya folda hiyo:

```
copy /b harusi.mp4.001+harusi.mp4.002+harusi.mp4.003 harusi.mp4
```

Hiyo `/b` isisahaulike. Bila hiyo, Windows huunganisha kana kwamba ni maandishi, na inaweza kukatisha katikati. Kisha arudie `certutil`. Alama zikilingana herufi kwa herufi, vipande vifutwe.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Sakina:* Mkuu, alama zimekataa. Nitume vyote upya?
— Hapana. Pigeni `certutil` kwa kila kipande, huku na huko. Kisicholingana ndicho cha kutuma tena. Angalia pia mpangilio; .003 ikitangulia .002, ukubwa utakuwa sawa ila video imeharibika.

*Dada wa Njiro:* Mimi natumia Mac.
— Fungua Terminal kwenye folda hiyo, dada:

```
cat harusi.mp4.* > harusi.mp4
```

*Mdau wa Pasua:* Na PDF ya MB 60 kwa barua pepe yenye kikomo cha MB 25?
— Usikate kwa 25. Barua pepe huvimbisha kiambatisho kwa karibu theluthi moja. Andika `17M`, utapata vipande vinne, kila kimoja na barua yake.