Vigezo vya ugonjwa kabla ya skriningi, na pale kipindupindu kiliponiangusha

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara tatu, mara ya mwisho tukiwa ndani ya feri ya Likoni, kwa hiyo naliandika hapa liishe. Ni lile swali la mtihani wa afya ya jamii linalokutajia ugonjwa kisha likuulize: "Je, unastahili skriningi ya umma? Tetea jibu lako." Skriningi ni kuwapima watu wasio na dalili yoyote. Mtu aliyekuja zahanati mwenyewe anaharisha, akapimwa, huyo ni mgonjwa anayetibiwa.

Vigezo vinavyotumika ni vile kumi vya Wilson na Jungner, vilivyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968. Baadhi vinahusu kipimo, baadhi gharama na mpango wenyewe. Hapa nashughulikia vile vya ugonjwa, maana ndipo alama zinapopotelea.

Hatua ya 1. Hakikisha unachoulizwa ni ugonjwa, si kipimo.

Hatua ya 2. Onyesha kwamba ugonjwa ni tatizo zito, ama kwa wingi wa wagonjwa, ama kwa ukali wa madhara.

Hatua ya 3. Tafuta hatua fiche. Hapa ndipo nilipoanguka. Niliulizwa kuhusu kipindupindu, nami mtoto wa Mombasa nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Nikaandika kurasa mbili: kinaua haraka, kinajulikana, kinapimika, tiba yake ya maji ya chumvi na sukari ni rahisi. Nikahitimisha kwamba mtaa mzima upimwe kila mwezi. Msahihishaji aliandika pembeni maneno mawili tu: "Utamkuta lini?"

Alikuwa na haki. Tangu mtu anywe maji machafu hadi aanze kuharisha ni saa chache hadi siku tano. Ukimpima leo akawa salama, kesho kutwa anaweza kuwa kwenye dripu. Ili skriningi ifanye kazi, lazima kuwe na kipindi ambacho ugonjwa tayari umo mwilini, kipimo kinauona, mwenyewe hajui, na kipindi hicho ni kirefu kiasi cha kutosha kumpima, kumwita na kumtibu kabla hajaumia. Saratani ya mlango wa kizazi inacho: kutoka maambukizi ya kirusi cha HPV hadi saratani kamili huwa ni miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida. Hapo hata ukipima mara moja kwa miaka kadhaa unamkuta.

Tahadhari: usichanganye hatua fiche na muda wa kuatamia, yaani muda kati ya kuambukizwa na kuugua. Kila ugonjwa wa kuambukiza una muda wa kuatamia. Hilo pekee halikupi alama. Na usikimbilie kuandika kwamba kipindupindu hakina la kufanywa. Andika kinachokifaa: maji safi, vyoo, chanjo, na kuwafuatilia wagonjwa haraka.

Hatua ya 4. Eleza mwenendo wa ugonjwa usipotibiwa: nani atazidiwa, nani atapona mwenyewe.

Hatua ya 5. Thibitisha kwamba anayetibiwa mapema hupata nafuu kuliko anayetibiwa akiwa na dalili. Tiba kuwepo tu haitoshi.

Sasa tuupitishe ugonjwa wa selimundu, ambao huku Pwani tunao kwa wingi kwa sababu ya historia yetu na malaria. Ni mzito: mtoto hupata maumivu makali, damu hupungua, na bakteria wa nimonia humuua haraka kwa sababu wengu wake huharibika mapema. Hatua fiche ipo, na sababu yake inajulikana: mtoto huzaliwa na hemoglobini ya kichanga ambayo humkinga miezi ya mwanzo, kisha ikipungua, karibu na miezi sita, mikono na miguu huanza kuvimba. Tone la damu la siku ya kwanza linauonyesha ugonjwa kabla ya hapo. Mwenendo unaeleweka. Na tiba ya mapema ina ushahidi: utafiti wa Marekani uliochapishwa 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi hayo makali kwa asilimia 84. Ukisubiri dalili, dalili ya kwanza yaweza kuwa kifo. Umefaulu vigezo vya ugonjwa. Kama penisilini itapatikana zahanati, hilo ni la mpango, lijibu kwenye sehemu yake.

MASWALI

Kisauni_K: Kwa hiyo ugonjwa lazima uwe umeenea sana?

Mwandishi: Hatua ya 2, ndugu yangu. Nimeandika "ama".

Kisauni_K: Lakini noti zetu zinasema umeenea.

Mwandishi: Noti zenu zimekosea. Fenilketonuria ni mtoto mmoja tu katika takriban 10,000 Ulaya, na wanapima watoto wote, kwa sababu bila lishe maalumu ubongo huharibika daima. Andika "zito".

Bi Rukia: Mwalimu, shikamoo. Nina swali. Wengi wanaobeba vimelea vya kipindupindu hawaonyeshi dalili. Je, hao si hatua fiche?

Mwandishi: Marahaba, mwanangu. Swali hili ni zuri. Hatua fiche ni mlango wa kuingilia ugonjwa. Wengi wa hao hawataingia. Hutoa vimelea siku chache kisha huisha vyenyewe. Ukiwatibu, wao wenyewe hawapati nafuu, maana hawakuwa wanaelekea kuugua. Kuwatafuta wakati wa mlipuko kunaweza kulinda majirani, lakini hilo ni udhibiti wa maambukizi. Andika tofauti hiyo kwa sentensi moja, itakupa uzito.

Mtongwe77: Hatua ya 4 umeipa mstari mmoja. Ina umuhimu kweli?

Mwandishi: Sana, na asante kwa kunirudisha. Japani ilipima mkojo wa watoto wa miezi sita nchi nzima kutafuta saratani iitwayo neuroblastoma. Walipatikana wengi, wakapasuliwa na kupewa dawa kali, lakini vifo havikupungua ilivyotarajiwa. Ilikuja kuonekana kwamba nyingi ya zile zilizopatikana zingeyeyuka zenyewe. Mwaka 2003 serikali iliamua kusimamisha. Kilichokosekana ni kujua mwenendo wa ugonjwa kabla ya kuanza.

Said_Kongowea: Naomba majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Mwandishi: Sina. Soma hatua ya 3.

Bi Rukia: Na mgonjwa aliyegunduliwa mapema akiishi miaka mingi tangu agunduliwe, hiyo si thibitisho la hatua ya 5?

Mwandishi: Hapana. Chukua mtu atakayekufa akiwa na miaka 62. Agunduliwe kwa dalili akiwa na 60, ameishi miwili. Agunduliwe kwa kipimo akiwa na 57, ameishi mitano, na siku ya kufa ni ileile. Umeongeza miaka ya kujua tu. Tafuta kama vifo ni vichache kwa waliopimwa kuliko kwa wasiopimwa.

Mtongwe77: Nipo wodi ya wazazi. Lile tone la selimundu tunaliweka kwenye kadi ya karatasi, na nyingine hurudishwa zimeharibika. Tunakosea wapi?

Mwandishi: Choma pembeni mwa kisigino, si katikati. Tone moja kubwa lijaze duara kwa upande mmoja, usirudie juu yake. Kisha kadi ilale wazi kivulini kwa muda wa saa tatu hadi nne, usiianike juani wala usiipangushe. Kwa unyevu wetu wa Mombasa, ikishakauka itie mfukoni pamoja na kile kipakiti cha kufyonza unyevu, na uangalie kipakiti kikibadilika rangi, ukibadilishe.