Gari linalala na chaji, asubuhi kimya: kumsaka mnyonyaji kwa multimita

Dereva mmoja wa Probox aliniletea gari hapa Kondele, Kisumu, baada ya kujampu asubuhi tatu mfululizo. Alishatafuta pesa ya betri mpya. Nikapima injini ikiwa inanguruma, nikapata volti 14.2. Altaneta inachaji, basi. Kuna kitu kinachonyonya usiku.

Hatua ya 1. Teremsha kioo, fungua boneti, toa ufunguo. Acha mlango wa dereva wazi ili ufikie fyuzi, lakini bana swichi ya mlango, iwe ya kitufe kwenye fremu au iliyo ndani ya komeo, gari lidhani mlango umefungwa. Usipofanya hivyo utakuwa unapima taa ya ndani.

Hatua ya 2. Hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, mweusi ubaki COM, kisha chagua ampea za DC. Ondoa waya wa hasi wa betri kwa spana ya 10. Gusisha mwekundu kwenye waya ulioutoa, mweusi kwenye nguzo ya hasi. Usiguse kabisa chanya na hasi kwa pamoja, na usipige stata, maana fyuzi ya multimita itaungua papo hapo.

Hatua ya 3. Ngoja nusu saa, kompyuta za gari zilale. Gari lisilo na hitilafu husoma chini ya ampea 0.05. Letu lilianza na 1.24, likatulia kwenye 1.21. Kwa muda wa saa 11 za usiku hiyo ni kama ampea-saa 13, na betri yenyewe ni ya 45, tena imechoka.

Hatua ya 4. Chomoa fyuzi moja, tazama namba, irudishe, nenda inayofuata. Nilipochomoa iliyoandikwa DOME, inayolisha taa ya ndani na redio, 1.21 ikashuka hadi 0.02.

“Umempata, fundi?” dereva akauliza. Bado. Fyuzi inakuonyesha njia, haikuonyeshi mwizi. Niliirudisha, nikatoa balbu ya ndani: namba ileile. Nikachomoa redio: ileile. Nikapeleka mkono chini ya kiti, nikakuta amplifaya ina joto, na redio haijawashwa tangu asubuhi!

Aliyeifunga alikuwa ameunganisha waya wake wa kuiamsha na waya wa njano wa redio, ambao una umeme saa zote. Ulipaswa kwenda kwa wa buluu, unaopata umeme redio ikiwashwa tu. Amplifaya ilikunywa kwa waya wake mnene kutoka betri, lakini amri ilipitia DOME. Nikahamisha waya huo, nikarudisha redio, nikangoja tena: 0.02.

Ukichomoa fyuzi zote na namba isishuke, shuku diodi za altaneta. Toa kwanza multimita kwenye waya wa hasi, bandua ule mnene wa altaneta, uzungushie tepu, kisha upime upya.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukiuacha kwenye 10A, siku utakapopima volti za betri utakuwa umeipiga shoti.