Somo: Sentensi tano kwa meneja aliyekosa kikao cha simu

Wengi wetu huku Mbeya tunafanya kazi na mameneja ambao wiki nzima wako barabarani. Kikao cha simu kinaanza saa 4 asubuhi, meneja yuko ndani ya gari kati ya Mafinga na Iringa, mtandao unakuja na kukata. Jioni akifika Dodoma ana barua pepe nyingi kwenye simu, na ya kwako ataisoma amesimama mapokezi ya hoteli. Sentensi tano zinamtosha, ila kila moja iwe na kazi yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mradi ni chumba cha baridi cha parachichi Tukuyu. Zege la sakafu lilimwagwa Jumatano 30 Aprili. Mashine ya kupoza ipo ghalani Dar es Salaam, na ilitakiwa ifike Tukuyu Ijumaa 16 Mei. Kwenye kikao cha Jumanne 13 Mei mhandisi akasema zege likae siku 28, lipimwe, ndipo mashine ipandishwe juu yake. Mkandarasi akabisha, wakavutana karibu nusu saa, mwisho tarehe ikasogezwa hadi Ijumaa 30 Mei. Ghala linatoza shilingi 60,000 kwa siku.

Hatua ya kwanza: kabla hujaandika chochote, jiulize meneja atatakiwa kufanya nini. Hapa jibu ni kuidhinisha fedha: siku 14 mara 60,000, yaani shilingi 840,000. Hilo ndilo linaingia kwenye kichwa cha barua. Kichwa kama "Yaliyojiri kwenye kikao" hakimwambii kwamba anasubiriwa, na ataiacha barua hadi kesho.

Hatua ya pili: tenganisha yaliyoamuliwa na yanayoombwa. Tarehe ya mashine kufika iko ndani ya mamlaka ya mhandisi, kwa hiyo andika "tumeamua". Fedha haziko mikononi mwenu, kwa hiyo andika "tunaomba". Neno "tumekubaliana" ninaliogopa sana, maana kila mtu analisoma anavyotaka: mhasibu ataona ruhusa ya kulipa, meneja ataona mazungumzo tu.

Hatua ya tatu ni kuandika. Barua kamili ni hii:

Kichwa: Chumba cha baridi Tukuyu: idhini ya sh. 840,000 kabla ya Alhamisi 15 Mei, saa 4 asubuhi

Shikamoo Meneja, pole na safari.

Katika kikao cha simu cha Jumanne 13 Mei tumeamua mashine ya kupoza ifike Tukuyu Ijumaa 30 Mei badala ya Ijumaa 16 Mei. Sababu ni kwamba zege la sakafu lilimwagwa 30 Aprili, na mhandisi anataka litimize siku 28 na lipimwe kabla ya kubebeshwa mzigo. Mkandarasi atapeleka sampuli za zege maabara Jumatano 28 Mei, na mimi nitampigia mwenye lori Jumanne 13 Mei kabla ya saa 11 jioni kuahirisha safari. Tunaomba idhini yako ya shilingi 840,000 za kuhifadhi mashine Dar es Salaam kwa siku 14, kabla ya Alhamisi 15 Mei saa 4 asubuhi, kwa sababu baada ya hapo mwenye ghala atampa mteja mwingine nafasi hiyo. Ambalo halijaamuliwa ni nani hatimaye atabeba gharama hiyo, sisi au mkandarasi, na muhtasari wa kikao nimeuambatanisha.

Angalia sentensi ya nne, ndiyo yenye uzito. Ina kiasi, ina kazi ya fedha, ina saa ya mwisho, na inasema kitakachotokea saa hiyo ikipita. Ukiondoa kimojawapo, meneja atalazimika kukupigia kuuliza, na ukiwa nje ya mtandao siku imekwisha.

Hatua ya nne: isome upya ukitafuta "a-" isiyo na mwenyewe. Kiswahili chetu kina mtego huu. Niliwahi kuandika: "Mhandisi na mkandarasi wamezungumza, akasema atalipa vipimo." Nilimaanisha mkandarasi. Meneja akaelewa mhandisi wetu, akaagiza tulipe, na fedha zikatoka kwetu. Tangu hapo narudia jina la kazi kila mara, hata sentensi ikionekana nzito. Vitenzi kama "itafanyika" na "zitapelekwa" navyo ni hivyo hivyo, vinaficha mwenye kazi.

Ukiwa hapo hapo, toa "leo", "kesho" na "wiki ijayo" zinazosimama peke yake. Barua iliyotumwa Jumanne usiku ikisomwa Jumatano, "kesho" imehama. Weka siku na tarehe, na kwenye saa ongeza "asubuhi" au "jioni".

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Makambako: Dada, salamu nayo inahesabiwa? Kwangu inafika sentensi mbili, bosi wangu ni mtu mzima.

Jibu: Haihesabiwi, ila iwe mstari mmoja na ikae peke yake. Mkubwa lazima asalimiwe. Habari za familia mwulize ukimpigia simu, kwa sababu kwenye skrini ya simu maneno ya mwanzo ndiyo anayoyaona kabla hajafungua barua.

Mwanachama wa Tukuyu: Ule mvutano wa nusu saa mbona haumo? Meneja akisikia kwa wengine ataona nimemficha.

Jibu: Msimamo umo, maneno makali hayamo. Sentensi ya pili inasema anachotaka mhandisi. Kama mkandarasi bado hajaridhika, iandike kwenye sentensi ya tano: "Mkandarasi anaona zege likikaa siku 14 linatosha, na ameomba kuzungumza nawe." Hiyo ni habari ya kazi. Nani alipandisha sauti, hapana, barua hizi husambazwa na mkandarasi anaweza kuisoma.

Mwanachama wa Iringa mjini: Kwa nini nisimtumie ujumbe wa sauti tu? Anajibu haraka.

Jibu: Mtumie, ukimwambia barua ipo. Lakini mhasibu hawezi kuambatanisha sauti yako kwenye hati ya malipo. Barua ataichapa pamoja na jibu la meneja, "Nimeidhinisha", na ataziweka kwenye faili.

Mwanachama wa Njombe: Na kikao kikiisha bila kuamua lolote?

Jibu: Basi sentensi ya kwanza iseme hivyo: "Kikao cha Jumanne 13 Mei hakikufikia uamuzi kuhusu tarehe ya mashine." Ya pili iseme kilichokwamisha. Usijaze yaliyozungumzwa ili ionekane mlifanya kazi.

Mwanachama wa Makambako: Dada, samahani narudi. Saa 4 ya Alhamisi ikifika naye kimya?

Jibu: Usisubiri saa 4. Jumatano jioni mpigie. Asipopokea, jibu juu ya barua ile ile, sentensi moja, na umnakili anayemkaimu kama yupo. Asubuhi na mapema mpigie mwenye ghala umwombe akushikilie nafasi mpaka mchana. Ila fedha usiahidi: kimya cha meneja si idhini, na mhasibu akikuuliza karatasi hutakuwa nayo.