Shafti ya boti na pini ya winchi: ipi ya naitraidi, ipi ya indaksheni

Tuchukue vyuma viwili vilivyofika kwa fundi wa kukereza hapa Lamu. Cha kwanza ni shafti ya kati ya boti ya dizeli, ile inayokaa ndani kati ya gia boksi na shafti ya pangaboi. Kipenyo chake ni milimita 40, urefu 700, na imechimbika pale mdomo wa oili sili unaposugua. Cha pili ni pini ya puli ya winchi inayovuta boti ufuoni, kipenyo milimita 50, urefu 180. Hiyo imeliwa upande mmoja kwa uzito na mchanga. Vyote viwili vinahitaji ngozi ngumu, ila ukivibadilishana njia utaharibu vyote viwili.

Hatua ya 1: Uliza mzigo unafika kina gani

Oili sili hukwaruza juu juu tu. Shafti inahitaji ngozi nyembamba, ngumu sana, na zaidi ya yote inahitaji kubaki imenyooka. Hiyo ni kazi ya naitraidi. Chuma huwekwa kwenye tanuri lenye gesi ya amonia kwa joto la nyuzi 500 hadi 550, naitrojeni inapenya taratibu na kushikana na kromi iliyomo ndani ya chuma. Kwa kuwa joto halifiki pale chuma kinapobadilisha umbile lake la ndani, na hakuna kuzimwa kwa maji, chuma karibu hakipindi.

Pini ni habari nyingine. Puli inapobeba boti, msukumo mkali zaidi hauko juu ya uso, uko chini yake kidogo. Ukiipa ngozi ya milimita 0.35, msukumo unapita ngozi na kukutana na kiini laini. Inakuwa kama ganda la yai juu ya ugali: ganda ni gumu, lakini kilicho chini kinabonyea na ganda linapasuka vipande. Hapa unahitaji milimita 2 hadi 3, na kina hicho hutoka kwa indaksheni: koili ya shaba yenye umeme wa masafa ya juu huchemsha uso kwa sekunde chache hadi nyuzi 850 au 900 na zaidi kidogo, kisha maji yananyunyizwa papo hapo.

Hatua ya 2: Chagua chuma kabla ya kukereza

Kwa shafti, nunua EN19, chuma chenye kromi ndani yake, iliyokwisha kukomazwa na kutempwa, yaani kuzimwa kisha kupashwa moto tena ili isivunjike kirahisi. EN8, chuma cha kawaida cha kaboni, haifai hapa, kwa sababu haina kromi ya kutosha kushikana na naitrojeni. Itakaa tanurini siku mbili na itoke karibu na ulaini ule ule. EN19 hutoa ugumu wa takriban 600 hadi 700 HV, kipimo cha ugumu cha Vickers.

Kwa pini, EN8 inatosha kabisa. Indaksheni haiongezi kitu ndani ya chuma, inatumia kaboni iliyomo, na asilimia 0.4 ya EN8 hukupa takriban 50 hadi 55 HRC, kipimo cha ugumu cha Rockwell.

Hatua ya 3: Shafti

Kereza hadi milimita 42, chonga mfereji wa kii, kisha ipashe moto nyuzi 550 hivi kwa saa mbili na uiache ipoe polepole tanurini. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo chanzo cha shafti nyingi zinazorudi zimepinda. Naitraidi yenyewe haikuipinda: ilifungua tu mikazo iliyoachwa na kisu cha mashine. Kipasho hiki kiwe juu ya joto la naitraidi, lakini chini ya joto ambalo chuma kilitempwa kiwandani, la sivyo kiini kitalegea.

Sasa malizia hadi milimita 39.98. Usiiache 40 kamili, kwa sababu naitrojeni hukiongeza chuma kipenyo, kwa kawaida kati ya milimita 0.01 na 0.03. Paka rangi ya kuzuia naitrojeni kwenye uzi wa nati, maana uzi uliokuwa mgumu hukatika meno.

Kabla ya kusafirisha kipande kupita Mokowe, gati la upande wa bara, kipake mafuta na kukifunga kwenye karatasi, kwa sababu hewa ya chumvi huacha kutu kwa usiku mmoja. Kisha waambie wenye tanuri waisafishe kabisa. Alama ya kidole yenye mafuta au doa la kutu huzuia gesi, na pale pale panabaki laini.

Omba nyuzi 520 kwa saa 40 hivi; utapata karibu milimita 0.35. Usidanganyike kwamba muda maradufu hutoa kina maradufu: kina hufuata kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo kupata 0.7 ungehitaji saa 160. Sisitiza shafti itundikwe wima. Ikilazwa juu ya vishikizo viwili, uzito wake mwenyewe huilegeza katikati kwa joto hilo.

Ikirudi, iweke juu ya vitegemeo vya V na uizungushe chini ya dayali. Ikiwa sindano inacheza ndani ya 0.03, hiyo ni kazi safi. Piga msasa wa namba 600 wenye mafuta mahali pa oili sili, utoe utando mweupe ulio dhaifu juu, basi. Asije mtu akaisaga kwa jiwe hadi apunguze milimita 0.2 kila upande. Ugumu wote mzuri uko kwenye sehemu ile ya nje, na atakayeisaga atakuwa ameitupa.

Hatua ya 4: Pini

Hapa mambo ni kinyume. Kereza hadi 50.4 makusudi, kwa sababu indaksheni itaipinda na utahitaji nyama ya kusaga. Ikipinda 0.1 katikati, ukisaga hadi 50 utatoa 0.3 upande mmoja na 0.1 upande wa pili. Ngozi ya 2.5 inabaki 2.2 na 2.4. Hilo haliidhuru pini.

Masafa huamua joto linaingia kina gani. Kwa chuma kilicho moto, kadiria milimita kwa kugawanya 500 kwa kipeuo cha pili cha masafa:

```
10000 Hz:  500 / 100 = 5.0 mm
30000 Hz:  500 / 173 = 2.9 mm
```

Kwa kina chetu, 30 kHz inakaa vizuri.

Hatari kubwa ni tundu la grisi. Ukingo wake huchemka kupita kiasi, na maji yakigonga, ufa huanzia hapo na kutembea. Vunja ukingo kwa kuuviringisha, kisha ziba tundu kwa kipande cha shaba wakati wa kazi. Pia usiruhusu mwisho wa ngozi ngumu ukomee kwenye kona ya bega: mkazo wa kuvuta hukaa pale hasa, na pini itakatika kama muwa. Imalizie milimita chache kabla ya bega.

Maji ya kunyunyizia ya Pwani huwa ya uvuguvugu, hivyo kama unachanganya polima ndani yake ili yapoze taratibu zaidi, pima kiwango cha polima na joto la maji pamoja. Na maji ya kupoza koili yasiwe ya kisima chenye chumvi. Yanapitisha umeme na kuacha magamba ndani ya shaba.

Siku ile ile, tempa pini nyuzi 180 kwa saa mbili. Ukiiacha hadi kesho, inaweza kupasuka yenyewe ikiwa imelala mezani.

Hatua ya 5: Hakikisha

Tupa ya mkono iteleze bila kushika popote. Ikishika sehemu moja, pana doa laini. Kwa kina, weka kipande kidogo cha chuma kile kile katika kila kazi, kikate, na upime ugumu kutoka nje kwenda ndani. Kwa naitraidi, ngozi huhesabiwa hadi pale ugumu unapobaki HV 50 tu juu ya kiini. Kwa indaksheni, hadi unaposhuka kufika asilimia 80 ya ugumu wa uso ulioagizwa. Mwambie mpimaji ni kazi ipi, maana vipimo hivyo viwili havilinganishwi moja kwa moja.

Shafti ya pangaboi yenyewe, ile ya chuma kisichoshika kutu inayozama baharini, usiipeleke naitraidi ya gesi: naitrojeni huifunga kromi iliyokuwa ikikinga kutu, na maji ya chumvi yataila.